Sampuli ya Mia Mbili

Barua pepe ile ilikuwa na aya tatu tu. Niliituma saa nne usiku nikiwa na hasira, na hasira za saa nne usiku zina tabia ya kubonyeza kitufe kabla hujasoma ulichoandika. Nilimwandikia dada wa maabara kwamba sampuli zake 110 zina kasoro, kwamba pengine masinia yalichanganywa ndani ya tanuri, na kwamba kwa hali ilivyo itabidi tuzitupe zote. Nakala nikampelekea msimamizi wa mradi. Hiyo nakala ndiyo inayonisumbua hadi leo.

Kazi yetu ilikuwa mihogo. Mnunuzi wa muhogo wa unga hataki kujua muhogo una uzito gani, anataka kujua utabaki na nini ukishakauka. Tunaita maada kavu: kile kinachobaki maji yote yakitoka. Njia ya kuaminika ya kuipima ni ya taratibu. Unakatakata kiazi, unapima kwenye mizani, unaweka kwenye sinia, unakausha tanurini hadi uzito ukome kushuka, unapima tena. Sisi tulitaka njia ya mkato. Tulikuwa na kifaa cha mkononi kinachomulika nyama ya muhogo kwa mwanga usioonekana na macho, kisha kinasoma kiasi cha mwanga kilichorudi katika mawimbi 200 tofauti. Kila muhogo ukawa mstari wa namba 200. Modeli yangu ilikuwa rahisi kupita zote zilizopo: zidisha kila namba kwa kizidishi chake, jumlisha, jibu ndilo asilimia ya maada kavu. Vizidishi 200, basi. Kazi ya kompyuta ni kuvitafuta.

Sampuli 90 za kwanza nilikuwepo zikipimwa. Pembeni tuliweka mihogo 60 ambayo modeli haikuonyeshwa kamwe, ili iwe mtihani. Mihogo yetu ilikuwa kati ya asilimia 25 na 42, na kwenye mtihani modeli ilikosea kwa wastani wa pointi 1.9. Si ajabu kubwa, lakini inatumika. Msimamizi alifurahi, akamwomba dada wa maabara aongeze sampuli. Alifanya kazi hiyo peke yake kwa wiki kadhaa, akaleta 110. Nikaziunganisha na zangu, zikawa 200, nikaendesha programu ileile, mtihani uleule.

Kosa likawa pointi 11.

Modeli ilisema kuna muhogo wenye maada kavu asilimia 4, ambao ungekuwa tui, na mwingine asilimia 61, ambao ungekuwa kuni. Kitu pekee kilichobadilika kati ya mafanikio na aibu ni sampuli zake. Nani asingefikia hitimisho nililofikia?

Hakujibu kwa siku mbili. Siku ya tatu zikaja picha za daftari lake, kurasa zote: namba ya sinia, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, saa ya kila kipimo, na pale alipokosea amekata kwa mstari mmoja na kuandika upya pembeni, kama walivyofundishwa. Chini aliandika sentensi moja: "Mdogo wangu, angalia mwenyewe, kisha uniambie ni sinia lipi."

Nilikaa na daftari lile jioni nzima. Halikuwa na sinia lolote baya. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuandika barua. Nikafundisha modeli kwa sampuli zake 110 peke yake, bila zangu hata moja. Kosa: 1.8. Zake zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Kwa hiyo zangu peke yake ni nzuri, zake peke yake ni nzuri, zikikaa pamoja ni maafa. Wazo la kwanza likawa labda kifaa kilibadilika katikati, yangu yalipimwa katika hali moja na yake katika hali nyingine, ndiyo maana hayapatani. Wazo hilo lina jaribio lake. Nilichanganya zote 200 kama karata, nikatupa 80 bila kuangalia ni za nani, nikafundisha kwa 120 zilizobaki. Kosa 1.8. Nikarudisha zote, nikachanganya upya, nikatupa 80 nyingine. Ilikuwa 1.8 tena, na mara ya tatu 1.9. Kama zingekuwa hazipatani, mchanganyiko wa 120 nao ungekuwa mbovu. Haukuwa. Nikaanza kupanda polepole: sampuli 150 zikatoa kosa la 2.6, 180 zikatoa zaidi ya 4, 200 zikatoa 11. Haikujalisha ni zipi. Ilijalisha ni ngapi.

Ilinichukua muda kukubali nilichokuwa nakitazama. Data njema, ikiongezwa juu ya data njema, ilikuwa inaharibu modeli.

Hapa lazima nikiri jambo jingine, kwa sababu msomaji aliyewahi kukaa darasa la takwimu ameshakunja uso. Hata kwa sampuli 90 modeli yangu ilikuwa na vizidishi 200. Ina maana inaweza kupatia sampuli zote ilizofundishwa bila kukosea hata moja, hadi desimali ya mwisho, na kweli ilifanya hivyo. Chuoni tulifundishwa kwamba huko ni kukariri. Mhadhiri alichora ubaoni mchoro maarufu wenye umbo la bakuli: modeli ndogo mno haijifunzi kitu, modeli kubwa mno inakariri hata makosa ya kipimo, na mwenye busara anasimama katikati, chini kabisa ya bakuli. Modeli inayopatia mafunzo yote ilikuwa kwetu kama mwanafunzi aliyepata 100 kwenye karatasi ya majaribio kwa sababu aliiba majibu: utamwona kwenye mtihani wenyewe. Yangu ilipatia yote kisha ikafanya vizuri kwenye mtihani, na mimi sikuuliza kwa nini. Matokeo mazuri hayachunguzwi. Ni matokeo mabaya yanayofanya mtu atafute sinia lililochanganywa.

Kilichonipa mwanga ni mistari miwili ya programu.

```python
w = np.linalg.pinv(X) @ y
print(np.sum(w**2))
```

Mstari wa kwanza ndio uliokuwa ukitafuta vizidishi tangu mwanzo. Wa pili unachukua kila kizidishi, unakipiga kipeo cha pili, unajumlisha. Ni kipimo cha ukubwa wa vizidishi kwa ujumla. Kwa sampuli 120 jumla ilikuwa ya kawaida. Kwa 200 ilikuwa imelipuka mara maelfu: wimbi moja lilikuwa na kizidishi kikubwa cha kujumlisha na wimbi la jirani yake kizidishi kikubwa karibu sawa cha kutoa, kama watu wawili wanaovutana kamba kwa nguvu zote ili kusogeza kijiko. Ikija sampuli mpya inayotofautiana na za zamani kwa chembe tu, mmoja anamshinda mwenzake na jibu linaruka hadi asilimia 61.

Kwa nini pale pale kwenye 200? Nilielewa nilipoacha mawimbi na kurudi dukani.

Chukua duka ambalo hujui bei zake. Kuna mchele na kuna sukari, na ukweli, ambao wewe huujui, ni kwamba kilo ya kila kimoja ni shilingi 1,000. (Najua. Ni mfano tu.) Una risiti moja: kilo moja ya mchele na kilo moja ya sukari, jumla 2,000. Risiti moja, bei mbili zisizojulikana. Majibu yanayoiridhisha hayana mwisho: 1,500 na 500, au 1,900 na 100, hata 5,000 na hasi 3,000. Unahitaji kanuni ya kuchagua, na kanuni iliyofichwa ndani ya `pinv` ni hii: kati ya majibu yote yanayopatia kila risiti kikamilifu, chukua lile ambalo jumla ya vipeo vyake vya pili ni ndogo kuliko zote. Hapa inatoa 1,000 na 1,000. Umepatia.

Sasa pata risiti ya pili. Kilo moja ya mchele, kilo 1.1 ya sukari. Bei halisi ingekuwa 2,100, lakini mizani ya muuzaji imecheza kidogo na umetozwa 2,300. Kosa la shilingi 200, jambo la kila siku. Risiti mbili, bei mbili. Toa ya kwanza kutoka ya pili: gramu 100 za sukari zimegharimu shilingi 300. Kwa hiyo kilo ya sukari ni 3,000, na kilo ya mchele, ili risiti ya kwanza itimie, ni hasi 1,000. Muuzaji anakulipa uchukue mchele wake. Risiti zote mbili zimepatiwa sawasawa, hakuna aliyedanganya, na jibu ni wazimu. Ukienda kununua kilo moja ya mchele na mbili za sukari, unayopaswa kulipa ni 3,000, hesabu yako inakwambia 5,000.

Ona kilichotokea. Kwa risiti moja ulikuwa na uhuru wa kuchagua, ukachagua jibu tulivu. Kwa risiti mbili uhuru umekwisha. Jibu linalopatia zote ni moja tu duniani, na huna budi kulichukua hata likiwa la ajabu. Na kwa kuwa risiti hizo mbili zinafanana sana, kosa dogo la mizani limelazimika kubebwa na tofauti ndogo iliyopo kati yao, gramu 100, na hapo likavimba mara 10. Hiyo ndiyo sampuli yangu ya 200. Maelezo 200, vizidishi 200, jibu moja tu linalowezekana, na makosa madogo ya mizani ya maabara, ambayo kila maabara inayo, yanabebwa na tofauti ndogo mno kati ya mawimbi jirani.

Njia moja ya kutoka inajulikana na kila mtu: leta risiti nyingi zaidi. Zikiwa 20, hakuna bei mbili zitakazopatia zote, makosa ya mizani yanaanza kufutana, na unarudi karibu na 1,000. Njia nyingine ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu inakwenda kinyume na bakuli la mhadhiri. Badala ya kuongeza risiti, ongeza kitu kisichojulikana.

Tuseme duka lina wahudumu wawili, wa asubuhi na wa jioni. Risiti ya kwanza ni ya asubuhi, tunaiandikia namba 1. Ya pili ni ya jioni, tunaiandikia hasi 1. Mhudumu hana uhusiano wowote na bei. Ni takataka, na darasani tungeambiwa tuitoe haraka. Lakini sasa yasiyojulikana ni matatu na risiti ni mbili, kwa hiyo uhuru umerudi. Waambie `pinv` watafute jibu dogo kuliko yote linalopatia risiti zote mbili bila kukosea. Linatoka hivi: mchele 1,020, sukari 1,076, mhudumu hasi 96. Hakiki ya asubuhi: 1,020 na 1,076 ukiondoa 96 ni 2,000. Ya jioni: 1,020, jumlisha 1,184 za sukari kilo 1.1, jumlisha 96, ni 2,300. Zote zimepatiwa kikamilifu, pamoja na kosa la mizani. Na ukinunua kilo moja ya mchele na mbili za sukari jioni, hesabu inakwambia 3,268 badala ya 3,000. Asubuhi inakwambia 3,076. Hakuna tena bei hasi wala sukari ya 3,000.

Nilirudia hesabu hiyo kwa kalamu mara mbili kwa kutoamini. Modeli imekariri risiti zote, kosa la mizani likiwemo, na bado inajua bei. Kosa la shilingi 200 limepata mahali pengine pa kulala. Zamani lilikuwa na mlango mmoja mwembamba, sasa sehemu kubwa yake imeegemezwa kwa mhudumu, ambaye kwa mteja mpya anaongeza au kupunguza shilingi 96 tu. Ukiongeza vitu vingine visivyo na maana, hali ya hewa, rangi ya mfuko, siku ya wiki, kila kimoja kinachukua kipande kidogo cha kosa. Kwa mteja mpya vipande hivyo havielekei upande mmoja, vingine vinajumlisha na vingine vinatoa, na kwa kiasi kikubwa vinafutana.

Kuna hoja fupi inayoonyesha kwamba hii si bahati ya mfano wangu. Kila unapoongeza kitu kipya kisichojulikana, jibu dogo la zamani bado linaruhusiwa, kwa kukipa kile kipya sifuri. Kwa hiyo jibu dogo kuliko yote haliwezi kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa, linaweza kubaki au kupungua. Baada ya kizingiti, pale ambapo yasiyojulikana yamelingana na data, kuongeza ukubwa wa modeli kunaipa utulivu. Ukichora kosa la mtihani dhidi ya ukubwa wa modeli, unapata bakuli la mhadhiri upande wa kushoto, kisha mlima mkali kwenye kizingiti, kisha mteremko wa pili unaoshuka, mara nyingine chini kuliko sakafu ya bakuli.

Mikhail Belkin na wenzake watatu waliuchora mchoro huo mwaka 2019, wakaupa jina ambalo kwa Kiswahili naliita mteremko maradufu. Moja ya majaribio yao ni binamu wa lile langu: picha 10,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kutoka mkusanyo wa MNIST, na modeli ya mstari juu ya vipengele vilivyotengenezwa kwa bahati nasibu. Wakiongeza vipengele, kosa linapanda hadi kilele vinapofika 10,000, idadi ileile ya picha, kisha linashuka. Mlima wenyewe haukuwa mgeni kabisa. Mwaka uliofuata Marco Loog na wenzake waliandika kuwakumbusha watu kwamba ulishaonekana katika makala za mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba sasa kila mtu alikuwa anaishi upande wa pili wa mlima bila kujua aliuvuka vipi.

Maana mitandao mikubwa ya neva huishi huko. Mwaka 2017 Chiyuan Zhang na wenzake walichukua CIFAR-10, mkusanyo wenye picha 50,000 za mafunzo katika makundi 10, wakafuta majina halisi na kuzibandika majina ya bahati nasibu: paka akaitwa lori, meli ikaitwa chura. Mitandao ya kawaida ilikariri yote. Kwenye mtihani, bila shaka, ilibahatisha tu, kwa kuwa hakukuwa na cha kujifunza. Ila mitandao hiyohiyo ikipewa majina ya kweli inajifunza vizuri sana. Kwa hiyo uwezo wa kukariri kila kitu hauwezi kuwa ndio unaoamua kama modeli itafeli. Mwishoni mwa 2019 Preetum Nakkiran na wenzake walionyesha mlima uleule katika mitandao ya kina ya picha, hasa walipochafua sehemu ya majina kwa makusudi: mtandao mwembamba unaoweza kukariri kwa shida ndio uliofanya vibaya, mpana kuliko huo ukafanya vizuri. Walionyesha pia kwamba kuna maeneo ambako kuongeza data kunaharibu. Niliposoma sehemu hiyo niliweka simu chini nikatoka nje kidogo. Mtu angeweza kunionyesha ukurasa ule wiki moja kabla.

Swali linalobaki ni nani anayechagua jibu dogo. Mimi nilikuwa na `pinv`. Mtandao mkubwa haufunzwi hivyo. Unaanza na vizidishi karibu na sifuri, unatazama umekosea kiasi gani, unavisogeza kidogo kuelekea kupunguza kosa, unarudia. Kwa modeli ya mstari kama yangu, mwendo huo una siri nzuri. Kila hatua ni mchanganyiko wa mistari ya data yenyewe, kwa hiyo ukianzia sifuri huwezi kamwe kusogea upande ambao hakuna data inayouzungumzia. Ukifika mahali pa kupatia zote, umefika kwenye jibu dogo kuliko yote, lilelile la `pinv`, bila mtu kukuagiza. Kwa mitandao yenye tabaka nyingi hoja hii haihamishiki nzima, kwani hapo maana ya "dogo" yenyewe hubadilika kulingana na umbo la mtandao. Tabia ya kuelekea majibu tulivu kati ya mengi yanayowezekana ndiyo inayofanana.

Nisimwache msomaji akidhani ukubwa unaponya kila kitu. Rudi dukani, badilisha ukweli: mchele 1,900, sukari 100, mizani yenye kosa lilelile la 200. Modeli yenye mhudumu itakwambia mchele kama 1,000 na sukari kama 1,050. Tulivu kabisa, na imepotea kabisa. Kupenda jibu dogo kulitusaidia mwanzo kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mtulivu, bei mbili zinazolingana. Na Peter Bartlett na wenzake walipochambua mwaka 2020 ni lini modeli ya mstari inaweza kumeza makosa ya kipimo bila kudhurika, sharti waliloliona ni gumu: lazima kuwe na mielekeo mingi sana dhaifu ya kuyasambazia makosa, mingi kuliko idadi ya sampuli, huku ujumbe wenyewe ukikaa kwenye mielekeo michache yenye nguvu. Mhudumu mmoja hatoshi. Wahudumu wenye nguvu mno hawafai pia, maana wataanza kuiba ujumbe.

Na kwa tatizo langu la muhogo, dawa haikuwa hata kupanda mlima hadi ng'ambo. Ilikuwa kuacha kudai upatiaji kamili.

```python
w = np.linalg.solve(X.T @ X + lam * np.eye(200), X.T @ y)
```

Hiyo `lam` ni faini ndogo kwa kila kizidishi kinachokua. Modeli inaruhusiwa kukosea sampuli za mafunzo kidogo, na haina tena sababu ya kuvutana kamba. Niliichagua thamani yake kwa kuficha vipande vya data ya mafunzo kwa zamu, si kwa kuchungulia mtihani. Kwa sampuli zilezile 200 kosa likashuka kutoka 11 hadi 1.5, na mlima ukatoweka kwenye mchoro kana kwamba haujawahi kuwepo. Wazee wa fani ya kupima vyakula kwa mwanga wametumia mbinu za jamii hii kwa miongo mingi. Wasingeuona mlima ule maisha yao yote, na wasingemwandikia mtu barua usiku.

Barua ya pili niliiandika asubuhi. Nilimwandikia dada wa maabara, nakala kwa msimamizi yuleyule, kwamba sampuli zake hazina kosa, kwamba kwa kipimo changu mwenyewe ni bora kuliko nilizoshiriki mimi, na kwamba kosa lilikuwa katika njia niliyotumia kutafuta vizidishi. Nikaambatanisha mchoro. Kisha nikashuka maabara, kwa sababu kuna maneno ambayo barua haibebi.

Alikuwa anapanga masinia. Nilimsalimia, akaitikia bila kugeuka. Nilimweleza habari ya duka, mchele na sukari, na alinisikiliza hadi mwisho akiendelea kupanga.

"Kwa hiyo ningekuletea pungufu ya 50, usingenitukana."

"Nisingekutukana, dada."

"Na ningekuletea nyingi zaidi?"

"Pia nisingekutukana."

"Ila zikiwa 200."

"Zikiwa 200, ndiyo."

Alicheka, si kicheko cha kunisamehe bado. Akaniuliza kama msimamizi ameelewa au amesoma barua ya kwanza tu. Nikasema nitakwenda kumweleza kwa mdomo. Akasema niende siku hiyohiyo, nami nikaenda.

Msimu uliofuata alileta sampuli 100 nyingine. Kwa udadisi niliendesha programu ya zamani, ile isiyo na faini, juu ya zote 300, na kosa likashuka kutoka 11 hadi 2.2, ng'ambo ya upande wa pili wa mlima, ambako data imezidi vizidishi. Yenye faini ilitoa 1.4. Alitaka mchoro uchapishwe. Ameubandika kwenye mlango wa kabati lililo kando ya tanuri, na pale kwenye kilele, kwa kalamu nyekundu, ameandika tarehe ya barua pepe yangu ya kwanza.